Magurudumu ya nyuma yanayokata na usukani wenye uwiano unaobadilika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifumo hii miwili huuzwa pamoja mara nyingi, na vipeperushi vya magari huielezea kwa maneno yale yale: "rahisi kupaki, tulivu barabara kuu." Matokeo yake watu wengi wanaamini ni kitu kimoja chenye majina mawili. Majibu yaliyo hapa chini yanatumia gari moja la mfano ili hesabu zisituchanganye: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na magurudumu ya mbele yanaweza kukata hadi nyuzi 35. Ni ukubwa wa kawaida wa saluni kubwa au SUV ya watu saba.

Tofauti yao hasa ni ipi?

Usukani wenye uwiano unaobadilika unagusa kinachotokea kati ya mikono yako na magurudumu ya mbele. Unaamua ukizungusha usukani kiasi fulani, magurudumu ya mbele yakate kiasi gani. Magurudumu yenyewe hayapati uwezo mpya. Mwisho wake ni nyuzi 35 zile zile.

Magurudumu ya nyuma yanayokata yanagusa gari lenyewe. Mota ndogo iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma inasukuma tai rodi, yaani fimbo zinazopindisha magurudumu, na magurudumu ya nyuma yanapinda nyuzi chache kushoto au kulia. Hapo njia ambayo gari linapita ardhini inabadilika, hata kama mikono yako imefanya kazi ile ile ya siku zote.

Shika hilo, na sehemu kubwa ya maswali mengine inajijibu.

Uwiano wa 16 kwa 1 unamaanisha nini kwa dereva?

Kila nyuzi 16 za usukani, magurudumu ya mbele yanapinda uzi mmoja. Kwa gari letu la mfano, kufika nyuzi 35 kunahitaji nyuzi 560 za usukani, yaani mzunguko mmoja na nusu na ushee kwa upande mmoja. Kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia ni kama mizunguko mitatu. Ukiwa unaingia kwenye nafasi finyu na kurudi, mizunguko hiyo unaifanya tena na tena, mikono ikipishana.

Uwiano ukiwa 10 kwa 1, nyuzi 35 zinapatikana kwa nyuzi 350 za usukani. Hata mzunguko mmoja haujatimia, na kutoka mwisho hadi mwisho ni pungufu ya miwili. BMW walipoleta mfumo wao kwenye 5 Series ya 2003, ndivyo walivyofanya: karibu 10 kwa 1 gari likitambaa, na kuelekea 20 kwa 1 kwenye spidi kubwa. Honda walikuwa wametangulia mwaka 2000 na S2000 Type V iliyouzwa Japani, iliyohitaji mizunguko 1.4 tu kutoka mwisho hadi mwisho.

Je, uwiano mkali kama huo wa 10 kwa 1 unapunguza duara la kugeuka?

Hapana, hata sentimita moja. Kama barabara ni finyu kiasi kwamba gari lako linahitaji kurudi nyuma mara moja ndipo ligeuke, litahitaji kurudi mara moja hata usukani uwe mwepesi na mkali kiasi gani. Utachoka kidogo zaidi, basi.

Na magurudumu ya nyuma yanapunguza vipi?

Gari linapotambaa huku limekata usukani, magurudumu yote yanazunguka kitovu kimoja kilicho pembeni ya gari. Kwenye gari la kawaida kitovu hicho kiko sambamba kabisa na ekseli ya nyuma, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayapindi. Ukiyapinda ya nyuma kinyume na ya mbele, kitovu kinasogea mbele na wakati huo huo kinakaribia ubavu wa gari. Gari linageuka kana kwamba ni fupi kuliko lilivyo.

Tupige hesabu. Magurudumu ya nyuma yakiwa yamenyooka, kitovu cha gari letu kiko mita 4.28 kutoka mstari wa katikati ya gari, na tairi ya mbele ya nje inachora duara lenye kipenyo cha karibu mita 11.8. Pinda ya nyuma nyuzi 5 kinyume: kitovu kinakuja hadi mita 3.81, na duara linashuka hadi karibu mita 10.7. Pinda nyuzi 10: mita 3.42, na duara la karibu mita 9.7.

Kwa hiyo nyuzi 5 zinakupa kama mita moja na kidogo, nyuzi 10 zinakupa kama mita mbili. Magari halisi yanakubaliana na hesabu hii. Audi Q7 ya 2015, ambayo ya nyuma inapinda hadi nyuzi 5, ilishuka kutoka mita 12.4 hadi 11.4. Mercedes S-Class iliyotoka 2020 inaweza kuagizwa na nyuzi 4.5 au nyuzi 10, na yenye nyuzi 10 inageuka ndani ya mita 11, jambo ambalo magari mengi madogo zaidi hayaliwezi.

Njia nyingine ya kuisoma hesabu hiyo: ikiwa na nyuzi 10, gari letu la mita 3 kati ya ekseli linageuka kama gari la mita 2.4. Hiyo ni tofauti kati ya SUV ya familia na kigari kidogo cha mjini.

Basi kwenye kupaki, upi unasaidia zaidi?

Inategemea kinachokusumbua. Kama unapaki sehemu ile ile kila siku, nafasi ipo ya kutosha, na shida ni kuzungusha usukani tu, uwiano unaobadilika utauona tofauti yake kuanzia siku ya kwanza. Kama shida ni kwamba gari haliingii, ya nyuma ndiyo dawa. Kwenye mitaa kama ya Kariakoo, ambako gari linapakiwa ubavuni mwa barabara kati ya mkokoteni na pikapu, mita moja ya duara ndiyo inayoamua kama unaingia kwa mkupuo mmoja au unaingia kwa awamu tatu huku nyuma yako wanapiga honi.

Wanaovitumia vyote viwili wanapata faida ambayo kimoja peke yake hakitoi. Ya nyuma inafupisha njia, na uwiano mkali unakuwezesha kufika mwisho wa usukani mapema, kabla hujapoteza nusu mita ya kwanza ukiwa bado unazungusha. Kwenye nafasi fupi nusu mita hiyo si ndogo.

Nimeambiwa mkia wa gari unatupwa nje ukitoka ukutani. Ni kweli?

Ni kweli, na ndilo jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Gari lolote linapokata kona kali, kona ya nyuma ya upande wa nje inatoka kidogo nje ya mstari wa ubavu. Kwenye gari la kawaida ni kidogo kwa sababu kitovu kiko sambamba na ekseli ya nyuma, na kinachotupwa nje ni ule urefu wa nyuma ya ekseli tu. Ya nyuma ikipinda kinyume, kitovu kinasogea mbele, kwa hiyo sehemu ndefu zaidi ya gari inakuwa nyuma yake, na yote hiyo inatupwa nje. Dereva wa foklifti anaijua tabia hii vizuri: ukikata huku umekaribiana na ukuta, ni matako ya foklifti yanayogonga, siyo uma.

Tuchukue gari letu lenye upana wa mita 1.9 na mita moja ya bodi nyuma ya ekseli ya nyuma. Limepakiwa sambamba na ukuta, unakata usukani hadi mwisho na kuondoka. Bila ya nyuma kupinda, kona ya nyuma inasogea kuelekea ukutani kama sentimita 10. Nyuzi 5 zinaifanya sentimita 18. Nyuzi 10 zinaifanya karibu sentimita 29. Mtu aliyezoea kuacha kiganja kimoja kati ya gari na ukuta atalikwangua bamba la kwanza ndani ya wiki.

Dawa yake ni nyepesi. Ondoka kwanza ukiwa umekata kidogo, gari likishasogea nusu gari hivi ndipo ukate hadi mwisho. Pia kumbuka kuacha upana zaidi upande wa ukuta unapopaki. Hata ukiwa unarudi nyuma tabia ni ile ile: mkia unakwenda upande mapema kuliko macho yako yanavyotarajia, kwa sababu sasa magurudumu yaliyotangulia nayo yanakata.

Kwa nini kwenye spidi kubwa magurudumu ya nyuma yanageukia upande mmoja na ya mbele?

Hapa ndipo penye utamu wa mfumo huu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Fikiria gari la kawaida kwenye kilomita 120 kwa saa, unahamia njia ya pembeni kukwepa kitu. Unapinda usukani kidogo. Tairi za mbele zinapinda, zinapata nguvu ya ubavu, zinaivuta pua. Tairi za nyuma muda huo bado zinaangalia mbele. Hazipati nguvu yoyote ya ubavu mpaka gari zima liwe limejizungusha kidogo na tairi hizo zikae mshazari na mwelekeo wa safari. Yaani kuna foleni: pua inavutwa, gari linazunguka, ndipo mkia unajibu. Ukifika njia ya pili unapinda kurudi, na foleni hiyo inaanza upya kwa upande wa pili. Ukifanya haraka, mkia bado unamalizia agizo la kwanza wakati pua tayari inatekeleza la pili. Kule kuyumba kwa mkia ambako abiria wa nyuma wanakusikia kabla yako kunaanzia hapo.

Sasa pinda ya nyuma kidogo upande ule ule. Tairi za nyuma zinapata nguvu ya ubavu karibu wakati mmoja na za mbele. Gari halihitaji kujizungusha sana ili mkia ushike. Linasogea ubavu likiwa limenyooka zaidi. Foleni imefupishwa, na kuyumba kwa kurudi kunapungua pamoja nayo.

Pembe zinazohusika ni ndogo mno. Sema ya mbele imepinda nyuzi 2 na ya nyuma nusu uzi upande ule ule. Kwa upande wa kuzunguka, gari linajibu kana kwamba ya mbele imepinda uzi mmoja na nusu tu. Ni sawa na kuendesha gari lenye mita 4 kati ya ekseli badala ya 3. Kwa hiyo gari hili moja ni la mita 2.4 sokoni na la mita 4 barabara kuu.

Mbona basi lisigeuze ya nyuma kinyume hata barabarani, gari liwe na wepesi?

Kwa sababu foleni ile ingerefuka badala ya kufupika. Mkia ungetupwa nje kwanza, kisha ndipo tairi zake zianze kushika, na zingelazimika kushika kwa pembe kubwa zaidi. Kwenye spidi ndogo hakuna anayeligundua hilo. Kwenye kilomita 120 ni mwanzo wa kuzunguka.

Mwelekeo unabadilika kwenye spidi gani?

Kila kampuni ina yake. Mazda 626 ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibadilisha kwenye kilomita 35 kwa saa. Renault Laguna GT na BMW 7 Series ya 2008 zilikuwa karibu na kilomita 60. Porsche huacha pengo: kinyume chini ya 50, upande mmoja juu ya 80, na katikati mabadiliko ya taratibu. Hutasikia mlio wala mshtuko, kwa sababu karibu na spidi ya mpito pembe ya nyuma iko karibu na sifuri.

Je, gari linakuwa imara zaidi kweli, au ni hisia tu?

Swali zuri, na jibu lina pande mbili ambazo hata mafundi huzichanganya.

Kuna mifumo ambayo ya nyuma inafuata usukani tu: ukipinda mkono, kompyuta inapinda ya nyuma kwa kiasi fulani cha pembe ya mbele. Mfumo wa namna hiyo unabadilisha jinsi gari linavyoitikia mkono wako. Haubadilishi tabia ya gari lenyewe likisukumwa na kitu kingine. Upepo wa ubavu ukikupiga darajani huku mikono imetulia, ya nyuma inatulia nayo, na gari linayumba kama lingeyumba bila mfumo.

Kuna mifumo mingine yenye sensa inayopima gari linavyozunguka na kulinganisha na kile dereva alichoomba. Upepo ukilisukuma, au ukifunga breki upande mmoja wa barabara ukiwa na utelezi, kompyuta inaona gari linazunguka bila kuagizwa na kupinda ya nyuma kulizuia, wakati mwingine kabla hujajua. Hapo kweli uimara umeongezeka, siyo hisia. Magari mengi ya leo yenye mfumo huu yako kundi hili la pili, na yanafanya kazi bega kwa bega na ule mfumo wa breki unaozuia gari kuteleza.

Kitu kimoja hakibadiliki kwenye makundi yote mawili: mshiko wa tairi. Tairi za nyuma zina kiasi fulani cha nguvu cha kutoa, na kupinda gurudumu hakuongezi hata chembe. Mfumo unaitumia nguvu hiyo mapema na kwa mpangilio mzuri. Tairi zilizokwisha, mvua, na kona iliyoingiwa kwa spidi ya kichaa vina matokeo yale yale ya zamani.

Uwiano unaobadilika nao unachangia nini barabara kuu?

Unapunguza ukubwa wa makosa ya mkono. Kona pana ya barabara kuu, yenye nusu kipenyo cha mita 500, ikipitwa kwa kilomita 120, inahitaji ya mbele ipinde karibu nyuzi 0.9 kwenye gari letu. Kwa uwiano wa 16 kwa 1 hiyo ni nyuzi 14 za usukani. Kwa 10 kwa 1 ni nyuzi 9 tu.

Sasa piga chafya, au pita kwenye kiraka cha lami, na mkono usogee nyuzi 5 bila kukusudia. Kwa 10 kwa 1 hiyo ni nusu uzi kwenye magurudumu, zaidi ya nusu ya pembe inayoihitaji kona nzima. Kwa 20 kwa 1 ni robo uzi. Gari ni lile lile, tairi zile zile, lakini la kwanza litakushtua na la pili litatikisika kidogo tu. Ndiyo maana gari lenye 10 kwa 1 ya kudumu lingechosha safari ya Nairobi hadi Mombasa, na ndiyo maana wabunifu wanataka uwiano ubadilike na spidi.

Uimara huu lakini unaishia kwenye mkono wako. Gari likianza kuteleza, uwiano mpole hausaidii. Kinyume chake, unahitaji kuzungusha zaidi ili kulirudisha. Mfumo wa BMW na wenzake ulilijibu hilo kwa kuiachia mota yake iongeze marekebisho yenyewe pale sensa zinapoona gari linazunguka kupita kiasi.

Kwa nini magari mengi yana vyote viwili?

Kwa sababu ya nyuma ikipinda upande mmoja na ya mbele, gari linaitikia mkono kwa uzito. Rudi kwenye ile mita 4 ya hapo juu. Mtu aliyenunua gari la michezo hataki kuhisi anaendesha basi. Ukiongeza ukali wa usukani wa mbele, wepesi wa mkononi unarudi huku utulivu wa mkia ukibaki. Mfumo mmoja unalipa deni la mwingine.

Honda Prelude ya 1987 haikuwa na kompyuta ya kazi hii. Ilijuaje spidi?

Haikujua, na ndiyo sababu inafaa kukumbukwa. Honda walitumia shafti na giya tupu kutoka raki ya mbele, ile fimbo yenye meno inayopindisha magurudumu, hadi sanduku dogo la nyuma. Ukizungusha usukani kidogo, ya nyuma ilipinda upande mmoja na ya mbele, hadi karibu uzi mmoja na nusu. Ukiendelea kuzungusha, ilirudi hadi sifuri, kisha ikapinda kinyume hadi nyuzi 5 na kitu usukani ukifika mwisho.

Hoja yao ilikuwa kwamba spidi inasomeka kwenye mkono wa dereva. Hakuna anayezungusha usukani mzunguko mzima kwenye kilomita 100, na hakuna anayepaki kwa kuugusa kidogo tu. Kwa dereva mwenye akili timamu hoja hiyo inasimama. Nissan nao, waliotangulia na mfumo wao wa magurudumu ya nyuma, HICAS, kwenye Skyline ya 1985, walitumia hidroliki na pembe ndogo sana kwa ajili ya utulivu wa spidi kubwa. Kupaki hakukuwa shida yao.

Raki yenye meno yasiyolingana ni kitu hicho hicho?

Ni ndugu wa bei nafuu. Meno ya raki huchongwa tofauti katikati na pembeni, wazo lililoendelezwa na mhandisi Mwaustralia Arthur Bishop. Usukani ukiwa katikati uwiano ni mpole, ukielekea mwisho unakuwa mkali. Hakuna mota wala sensa ya kuharibika. Udhaifu wake ni ule ule wa Prelude: inajua pembe ya usukani, haijui spidi.

Mifumo inayojua spidi huweka giya la sayari, au giya la mkanda unaojikunja kama la Audi, katikati ya shafti ya usukani, na mota inaongeza au kupunguza nyuzi juu ya zile za mkono wako. Toyota waliita wao VGRS, na Land Cruiser 100 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuupata, kwa hiyo usishangae ukikutana nao chini ya dashibodi ya Land Cruiser ya zamani.

Mfumo ukifa barabarani, usukani unafanya nini?

Kwenye mifumo yenye giya katikati ya shafti, muunganiko wa chuma kati ya mikono na raki bado upo. Umeme ukikatika, kufuli linaikaza mota na uwiano unabaki mmoja. Unaendelea kuendesha, ila usukani unaweza kukaa upande huku gari likienda moja kwa moja, kwa sababu mota ilifungwa ikiwa haiko katikati.

Ya nyuma nayo huendeshwa na skrubu ambayo tairi haiwezi kuisukuma irudi. Mota ikizimika, magurudumu yanabaki pale yalipo. Mfumo ukiwa na uwezo hujaribu kwanza kuyarudisha katikati, kisha unawasha taa ya onyo. Yakikwama yakiwa yamepinda kidogo gari linatembea mshazari kama kaa: bodi inaangalia upande, usukani unalazimika kushikwa upande, na tairi za nyuma zinalika haraka. Punguza spidi na upeleke kwa fundi. Usilifanye gari la safari ndefu.

Kuvuta tela kunabadilisha chochote?

Kwenye spidi kubwa ya nyuma inasaidia sana, kwa sababu mkia wa gari unaoyumba kidogo ndio unaoanzisha kuyumba kwa tela. General Motors walijenga hoja nzima ya Quadrasteer, mfumo wao wa magurudumu ya nyuma yanayokata, juu ya hili kwenye pikapu zao za 2002 hadi 2005: ekseli ya nyuma ilipinda hadi nyuzi 12, na kulikuwa na swichi ya kuchagua hali ya kuvuta. Kwa kupaki na tela, tegemea kujifunza upya kurudi nyuma.

Nanunua gari lililotumika lenye mifumo hii. Niangalie nini?

Washa gari, mtu mmoja asimame nje nyuma ya gari akitazama, wewe zungusha usukani polepole hadi mwisho huku gari likitambaa. Ya nyuma inapaswa kupinda kinyume, kwa ulaini, na kurudi. Ikipinda upande mmoja zaidi kuliko mwingine, katikati yake haijawekwa sawa. Ikigonga, shuku boljointi za tai rodi za nyuma, ambazo kwenye Skyline za zamani ni ugonjwa unaojulikana; wamiliki wengi wameung'oa mfumo na kufunga chuma cha kuzuia, kwa hiyo hakikisha mfumo upo kabla hujaulipia.

Kisha liendeshe barabara iliyonyooka. Usukani ukikaa upande, usikubali jibu la "ni alaimenti tu" mpaka ujue nani alipima. Alaimenti ya gari hili hupimwa magurudumu yote manne, na kabla ya kupima, mashine ya kusoma kompyuta inaiambia ekseli ya nyuma ikae katikati. Fundi akirekebisha ya mbele pekee, atanyoosha usukani kwa kuficha upotofu wa nyuma, na gari litaendelea kutembea mshazari likiwa na usukani ulionyooka. Baada ya beteri kutolewa au sensa ya usukani kubadilishwa, sensa hiyo nayo inahitaji kuonyeshwa upya sifuri yake iko wapi. Na tairi ziwe za saizi inayotakiwa mbele na nyuma, kwa sababu pembe zote zile kompyuta inazipanga ikiamini mshiko ni ule uliopimwa kiwandani.